Mkono wa Kulia wa Boay

Nimeambiwa niandike kwa ajili ya ninyi vijana mliobaki kule shambani. Sawa, naandika. Ila mjue nimesoma mpaka darasa la nne, kijijini kwetu Daudi, darasa lenye madirisha bila vioo na baridi ya Mbulu ikiingia itakavyo. Atakayetaka Kiswahili cha kwenye magazeti akanunue gazeti. Na mjue pia kwamba sikustaafu. Nilistaafishwa, na waliofanya shamba lifike mahali pa kustaafisha watu wa umri wangu nitawataja. Wakikasirika wanajua nyumbani kwangu.

Mshahara wangu hauna hadithi. Nilianza kazi kuchambua magunia, nikaishia kwenye redio koli. Basi. Nataka kueleza redio, aliyenifundisha, na ujumbe mmoja ulionipa kazi kubwa kuliko mvua zote zilizowahi kuangusha waya wetu.

Mashamba ya ngano ya serikali mnayajua, uwanda wa Basotu mpaka macho yanachoka, mlima Hanang umekaa pembeni na kofia yake ya mawingu. Simu hazikuwepo. Kila shamba lilikuwa na redio koli yake, na ofisi ya Arusha ilikuwa na yake. Asubuhi na jioni tunaitana. Arusha inauliza mvua, matrekta mangapi mazima, dizeli imebaki kiasi gani. Sisi tunaomba mikanda ya kombaini, tunaomba beringi, tunaomba tena ile mikanda tuliyoomba juzi. Chumba cha redio kilikuwa cha mbao, kimegandana na stoo. Mkumbuke hilo la kugandana na stoo.

Aliyenifundisha ni mzee Zefania, Mpare, mtu mrefu aliyevaa koti hata jua likichoma. Siku yangu ya kwanza nilishika ile maiki, imefungwa kwa kipande cha mpira wa tyubu kwa sababu springi yake ilikufa zamani, nikapiga kelele kama naita mbuzi ng'ambo ya bonde. Mzee Zefania akanitoa maiki mkononi taratibu.

"Binti, Arusha si viziwi. Wako mbali tu."

"Sasa si ndiyo nipaze sauti?"

"Ukipaza sauti, mashine inachafua maneno. Zungumza kama unaongea na baba mkwe. Pole pole, na ukijua watu wengine wote wa nyumba wanasikia."

Hilo la mwisho ndilo lilikuwa kubwa. Redio koli si barua. Ukisema neno, wanasikia waendesha redio wa mashamba yote, na madereva waliosimama mlangoni, na mke wa meneja aliyekuja kuuliza sukari. Mzee Zefania alinifundisha kutia maji ya betri bila kujiunguza, kukaza waya wa antena baada ya upepo wa mchana, kurudia ujumbe mzima kwa aliyeutuma kabla ya kusema nimekupata, na kumaliza kwa ova ili mwenzako ajue ni zamu yake. Lakini zaidi ya yote alinifundisha kupeleka maneno ya watu. Maana pamoja na mikanda na beringi, zilipita pia habari za misiba, za watoto waliozaliwa, za wagonjwa Arusha. Meneja aliruhusu. Ofisi iliandika kazi yangu ni mawasiliano ya shamba. Watu wa Dirma na Basotu waliniita Tere wa Redio, na walinijia hata kanisani.

Sasa Boay.

Boay ni mtoto wa baba yangu mkubwa, mzee Gwandu wa Daudi. Tumekua naye boma moja. Alikuwa fundi wa kombaini hapa hapa shambani, mtu wa mikono. Akisikiliza injini anainamisha kichwa kama kuku anayechungulia punje. Wale wataalamu wa Kanada waliokuwa wakitusaidia walimpenda, wakampeleka kwao kusomea mitambo, na alipomaliza akapata kazi kule kule, kwenye mashamba makubwa ya ngano. Tulimsindikiza na kibuyu cha maziwa ambacho nilisikia walimnyang'anya uwanja wa ndege.

Mwanzoni alikuwa anatuma hela, si nyingi, kupitia benki ya Arusha. Halafu akanyamaza. Wakati huo huo mdogo wake Safari akapata mchumba Endagikot, na mzee Gwandu akawaambia wakwe waziwazi kwamba mtoto wangu wa Kanada atasaidia, mahari itakamilika, harusi tutafanya baada ya Pasaka. Akaandikisha barua kwa mwalimu. Kimya. Akaandikisha nyingine. Kimya. Wakwe wakaanza kuuliza kwa adabu, mnajua ile adabu ya kumtuma mtoto aje kuazima jembe ambalo analo kwao.

Mzee Gwandu alibakiwa na kitu kimoja cha kuuza, mtamba wa Boay. Alikuwa mwekundu, doa jeupe ubavuni. Boay alipewa mama wa mtamba huyo tangu mtoto, na uzao wake ulikabidhiwa kwa rafiki wa baba, mzee Qamara, aliyeshuka zamani kutoka Mbulu akaja kulima Dirma. Mnajua utaratibu wetu: rafiki anakutunzia ng'ombe, anakunywa maziwa, anapata samadi, lakini ndama ni wako. Kijana aliye mbali, ng'ombe wake ndiye anayeketi mahali pake. Mzee akimuuza bila yeye kukubali, hakuna atakayetangaza kwamba mtoto amefutwa, ila kila mtu ameelewa. Na mtoto naye akirudi ataelewa.

Mke wa mzee Qamara ndiye aliyenipa habari. Alikuja shambani kuuza mayai, akaniambia mlangoni pa chumba cha redio, "Tere, baba yako mkubwa anashuka. Anamchukua yule mwekundu ampeleke mnada wa Katesh."

"Amekasirika?"

"Angekasirika ningefurahi. Ametuma salamu fupi tu."

Kwa mzee Gwandu salamu fupi ni jambo zito. Huyu ni mtu ambaye akikusalimu anauliza mpaka habari za mbwa.

Asubuhi iliyofuata Arusha wakaniita kabla ya zamu za mikanda. Dada wa redio kule, Zubeda, akasema ana ujumbe wa familia. Boay alipiga simu ofisini kutoka Kanada, kwa sababu hakuwa na namba nyingine yoyote Tanzania nzima. Simu zile zilikuwa za bei mbaya, mtu anaongea huku anatazama saa. Zubeda aliandika kama alivyosikia, akanisomea, nami nikarudia kwake neno kwa neno kama nilivyofundishwa. Ulikuwa hivi:

"Kwa mzee Gwandu, Daudi. Sina hela. Msitume barua za kuomba tena. Harusi isogezwe. Situmi kitu mpaka mavuno ya huku, na hapo pia sina uhakika. Nimeumia mkono wa kulia kwenye mashine, silipwi. Ng'ombe wangu asiuzwe. Boay. Ova."

Nikakaa. Ndugu yangu anaongea kama kibao cha barabarani. Hakuna shikamoo. Mtoto anamwambia baba yake msitume, isogezwe, asiuzwe. Nilijua si moyo wake, ni bei ya simu. Lakini mzee Gwandu simu hajawahi kuishika, atajuaje bei yake?

Nikampelekea mzee Zefania. Alikuwa anapangusa vichwa vya betri kwa kitambaa. Akausikiliza wote, akasema, "Huu ukiupeleka hivi, huyo mtamba amekwenda."

"Ndiyo maana nataka niutengeneze."

"Utengeneze. Ila kwanza niambie, humu kuna habari ngapi?"

Nikahesabu kwa vidole. Hana hela. Barua zimemfika. Harusi isogee. Mpaka mavuno ya kule, bila uhakika. Mkono. Halipwi. Mtamba.

"Hizo zote lazima zifike," akasema. "Hata moja isibaki njiani, na hata moja isizaliwe njiani. Nisikie sasa."

Nikajaribu. Nilianza vizuri na salamu, halafu nikasema, "Baba, nimekaa kimya kwa sababu ya mkono huu."

Akainua kitambaa. "Hilo la kimya amelisema?"

"Hajasema, lakini si lazima itakuwa ndiyo?"

"Inaweza kuwa. Inaweza kuwa alinyamaza kabla hajaumia. Ondoa."

Nikaondoa. Nikasema, "Najua mnachoniomba ni haki yenu wazazi wangu." Nikamtazama. Nilijua hilo nalo Boay hakulisema.

Mzee Zefania akafikiri. "Hilo acha. Hiyo ni heshima, siyo habari. Heshima unaweza kumwongezea mtu kama unamjua kwao, maana ukimuuliza hatakataa. Habari huwezi."

Hapo ndipo palipo kazi yenyewe, vijana, na ndiyo sababu naandika. Watu wanadhani kulainisha ujumbe ni kupaka asali. Hapana. Tulianza na mpangilio. Boay aliweka hela mbele na mkono nyuma. Mzazi yeyote anataka kwanza kujua mtoto yu hai, kisha ana nini, ndipo asikie hela. Kwa hiyo mkono ukaja mbele. Halafu amri tukazigeuza maombi. "Msitume barua za kuomba" tukaifanya barua zenu zimenifika, msijisumbue kuandika nyingine kwa jambo hili. Habari ni ile ile, ila sasa barua zimepokelewa, hazijatupwa. "Isogezwe" ikawa naomba. "Mpaka mavuno ya huku" mzee hataielewa, hajui kule wanavuna lini. Mimi nilijua kutoka kwa wale wataalamu: sisi tukiwa tunamaliza kuvuna ngano huku uwandani, kule ndiyo kwanza kombaini zinaingia shambani. Basi tukampimia muda kwa kombaini za Basotu anazozijua.

"Na 'sina hela'?" nikauliza. "Nikisema mambo ni magumu kidogo?"

"Magumu kidogo ni kiasi gani? Atadhani nusu inakuja. Mzee atakwenda kuahidi watu nusu. Sema hana. Lisemee katikati, baada ya mkono, kwa sauti ya chini. Lakini liseme."

Na lile la kutokuwa na uhakika ndilo lililonikera zaidi. Nilitaka sana kuliacha. Mzee Zefania akanikazia macho. "Ukiliacha hilo, umemkopea Boay ahadi. Atailipa nani?"

Nikausema wote mara kadhaa pale chumbani, kwa Kiiraqw, lugha yetu ya Mbulu, yeye hasikii Kiiraqw lakini ananitazama uso tu. Lakini mapema, Zubeda alipokuwa ananisomea, upande wa pili wa ubao, kule stoo, kulikuwa na mtu ametega sikio.

Namtaja: Ladislaus, bwana stoo. Yule aliyekuwa anauza dizeli ya shamba kwa madumu, mpaka matrekta yakalala msimu wa kupanda. Ladislaus alikuwa na biashara ya pembeni ya ng'ombe. Alijua kupitia ubao ule nani ana mgonjwa, nani ana ada, nani amebanwa, halafu anamfikia kabla ya mnada na bei yake ya huruma. Asubuhi ile alisikia Zubeda akisoma na mimi nikirudia. Mpangilio mliosikia sasa hivi hakuusubiri, alikwisha kuondoka na pikipiki ya shamba. Dizeli haikutosha matrekta, lakini petroli ya pikipiki ilipatikana.

Mimi niliomba ruhusa, nikapanda trekta lililokuwa linapeleka haro, lile la kuvunja madongo, upande wa Dirma, nikashuka njia panda nikatembea. Nilipofika kwa mzee Qamara, pikipiki haipo. Nikashukuru. Kumbe alikuwa amekwenda kwanza mbali kule malishoni kumwangalia mtamba, apime nyama.

Baba mkubwa alikuwa ameketi nje kwenye kigoda, koti la mvua begani ingawa mvua hakuna, fimbo katikati ya magoti. Ameshuka na lori la mahindi, vumbi mpaka kwenye kope.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba. Hujambo." Akaishia hapo. Habari za mbwa hakuniuliza.

Nikamwamkia mzee Qamara, nikaingia jikoni kumsaidia mama. Nilikuwa na ujumbe kifuani kama kaa la moto, lakini mtu aliyetoka safari hapewi neno zito kabla hajala. Mama Qamara alikuwa anasonga ugali. Akaninong'oneza, "Umeleta nini?"

Nikamweleza kwa kifupi. Akaacha mwiko.

"Mwambie atatuma mwezi ujao," akasema. "Mzee atulie, arudi kwake. Mwezi ujao Mungu ataona."

"Mama, hajasema mwezi ujao."

"Kwani nani atajua?"

"Mimi."

"Wewe nawe na redio yako," akasema, akaendelea kusonga kwa hasira mpaka sufuria ikazunguka.

Wakala ugali na maziwa ya mgando. Nikawanawisha mikono. Nikamwomba mzee Qamara asiondoke, abaki karibu, kwa sababu ombi la mtoto kwa baba linapita vizuri rafiki wa baba akiwepo. Ndipo nikaketi chini, nikasema nina maneno ya Boay, yamepita kwenye redio asubuhi hii. Fimbo aliyokuwa akiichezesha mzee ilisimama.

Niliyasema kwa Kiiraqw. Hapa nayaweka kwa Kiswahili:

"Baba, shikamoo. Ni mimi Boay mwanao. Shikamoo na mama, na baba Qamara anayenitunzia mali. Niko hai. Nimeumia mkono, ule wa kulia, mashine imeniumiza, na kwa kuwa sifanyi kazi silipwi. Barua zenu zimenifika, msijisumbue kuandika nyingine kwa jambo hili. Mnachoniomba ni haki yenu, wazazi wangu. Sasa hivi sina cha kutuma. Naomba mnivumilie mpaka kombaini za Basotu zimalize, hapo ndipo huku tunaanza kuvuna. Hata wakati huo siwezi kuapa. Naomba harusi ya mdogo wangu isogezwe. Na ng'ombe wangu, baba, nakuomba sana, asiuzwe."

Mzee Gwandu aliilaza fimbo chini. Alitazama mkono wake mwenyewe, akaugeuza, akaufumba. Mzee Qamara alikohoa. Mimi nilikuwa nahesabu moyoni kama nimeacha kitu, sikuwa nimeacha.

Ndipo pikipiki ikaingia.

Ladislaus alisalimia kwa haraka, akavuta kigoda bila kukaribishwa. Alikuwa na karatasi mfukoni, ameandika aliyosikia ukutani.

"Mzee, pole na safari. Nimeona nisikuache udanganyike. Huyu dada atakuwa amekuletea maneno matamu. Mimi ninayo yenyewe, kama yalivyotoka Arusha." Akasoma: "Sina hela. Msitume barua za kuomba tena. Harusi isogezwe. Situmi kitu." Akakunja karatasi. "Umesikia? Mtoto amekukatia. Mimi nimemwona yule mwekundu, amekonda, mnadani watakudharau. Nitakuchukulia hapa hapa, uwahi wakwe zako na heshima yako."

Nilitaka kusema mambo ya madumu. Mzee Gwandu akainua kidole kidogo tu, nikanyamaza.

Akamuuliza Ladislaus kwa Kiswahili chake cha kuvunja mawe, "Hayo umeyasikia mwenyewe?"

"Kwa masikio yangu, mzee."

"Yote?"

"Yote."

"Ameumia mkono upi?"

Ladislaus akatazama karatasi. "Hayo mengine yalikuwa ya ugonjwa ugonjwa tu, mzee. Sikuyaandika. Mimi nimeandika yanayokuhusu."

Mama Qamara alikuwa ametoka jikoni na mwiko mkononi, amesimama.

"Yanayonihusu," akasema mzee. Akanigeukia. "Tere. Amesema hana hela, na wewe umeniambia hana. Amesema nisiandike, na wewe umeniambia nisiandike. Amesema isogezwe, umesema. Wewe na huyu mmesema kitu kimoja."

"Ndiyo, baba mkubwa. Ni kimoja."

"Ila huyu ameniletea mtoto asiye na mkono." Akamtazama Ladislaus bila hasira yoyote, jambo ambalo ni baya zaidi. "Mwanangu, chai ipo, ukitaka kunywa, kunywa. Ng'ombe hauzwi. Mwenyewe amekataa."

Ladislaus hakunywa chai. Alipiga teke pikipiki mara nyingi ndipo ikawaka, na Mama Qamara, Mungu amzidishie, akasema kwa sauti ya kusikika, "Na hiyo petroli irudi shambani."

Nawaambia ukweli, kama ningemsikiliza mama yule nikasema mwezi ujao, karatasi ya Ladislaus ingenimaliza pale pale. Angesoma, mzee angeona nimeongopa moja, asingeamini hata mkono.

Jioni ile, kabla sijarudi, baba mkubwa aliniita kando ya zizi. Yule mwekundu alikuwa amerudi kutoka malishoni, wala hakukonda. Mzee alikuwa anamkuna shingoni.

"Sasa na mimi nina kazi kama ya Boay," akasema. "Wale watu wa Endagikot. Nimewaahidi mwenyewe kwa mdomo huu. Nianzie wapi?"

"Baba mkubwa, wewe ni mzee, mimi nikufundishe?"

"Nimekuuliza."

Nikamwambia aanze na mkono. Awaambie kwamba mtoto ameumia, ndipo aseme hana, ndipo aombe. Aseme mpaka kombaini za Basotu zimalize, na aseme pia kwamba hata hapo haapi.

"Hilo la mwisho litawaudhi."

"Litawaudhi mara moja, baba mkubwa."

Akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu ashuke. Halafu akaniuliza habari za nyumba yangu, watoto, kuku, na mwisho mbwa. Nikajua tumepona.

Akapanda Mbulu, akaenda Endagikot yeye mwenyewe, hakutuma mtu. Wakwe walisikiliza. Mama wa binti aliuliza mkono unaendeleaje, na baada ya hapo jembe halikuazimwa tena. Ngano yetu ikavunwa, kiasi kile dizeli ya Ladislaus ilichoruhusu. Wiki kadhaa zikapita kombaini zimelala, hakuna kitu, na mimi nikawa sipiti njia ya kwa Mama Qamara, nikiogopa maswali yake. Halafu Zubeda akaniita redioni, akasahau hata kusema ova: benki ya Arusha imepokea hela ya Boay. Haikuwa yote waliyoitarajia. Lakini hakuna aliyekuwa ameahidiwa yote, kwa hiyo kila mtu alifurahi nayo. Safari akaoa. Yule mwekundu alizaa jike siku za harusi, akachelewesha wapishi kwa kuwa wote walikwenda kutazama.

Boay alirudi miaka baadaye. Nilikuwepo Daudi. Alishuka kwenye gari na viatu vya ngozi vya kuchekesha, akainama kwa baba yake, "Shikamoo baba," na mzee kabla ya kuitikia akauchukua ule mkono wa kulia, akaugeuza, akatazama vidole viwili vilivyopinda. Akavishika muda mrefu. Ndipo akasema marahaba.

Baadaye Boay aliniuliza, "Dada, ulisema nini siku ile? Mimi nilijua nimeongea kama mlevi."

"Nilisema ulichosema."

"Sikusema shikamoo."

"Ulisahau tu," nikamwambia.

Shamba mnajua lilivyokwisha. Mzee Zefania alikwisha rudi kwao Upareni, akaniachia kile kitambaa cha betri. Ladislaus alipandishwa cheo, akahamia Arusha, na nasikia ana nyumba ya ghorofa. Meneja wetu wa mwisho, Bwana Timotheo, aliyekuwa akisaini kila dumu lililotoka, alituaga akilia. Machozi sikuyaamini.

Ujumbe wa mwisho kupita kwenye redio ile niliupokea mimi. Ulitoka juu, nisome kwa mashamba mengine yaliyobaki hewani. "Watumishi wote waliopunguzwa wanaarifiwa kuwa na subira kuhusu mafao yao. Wasifike ofisini kuulizia. Watajulishwa."

Nikarudia neno kwa neno kama nilivyofundishwa, kisha nikaita mashamba. Nikasoma hivyo hivyo. Nikasikia ule mvumo tu wa waya. Wale waendesha redio walikuwa wamesikia habari ya Boay siku nyingi, kwa maana siku ile walikuwa hewani wote. Mmoja akasema, "Tere, nakupata. Sasa tusemee kwa namna yako. Tutaupeleka vipi kwa watu huu?"

Nikautazama tena ule ujumbe. Nilitafuta aliyeumia. Nilitafuta lini. Nilitafuta anayeomba ni nani, ana baba, ana jina. Heshima ningeweza kuwaongezea, lakini ya nani?

"Upelekeni hivyo hivyo," nikamwambia. "Humu hakuna mkono. Ova."

Nikazima, nikachomoa nyaya za betri, nikapangusa vichwa vyake kwa kile kitambaa, nikatoka. Mpaka leo nasubiri. Maziwa ninayokunywa asubuhi ni ya mjukuu wa yule mwekundu. Boay alinikabidhi nimtunzie, na ndama tumekubaliana ni wake.